Yah: Onyesho la mfumo wa kupokea maziwa la tarehe 12 Mei 2026, na pendekezo la majaribio kuanzia tarehe 1 Juni

Kwa: Meneja wa Chama
Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mhasibu
Tarehe: 13 Mei 2026

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Nakushukuru wewe, Mwenyekiti wa Bodi, Mhasibu na wajumbe wawili kwa kutupa asubuhi ya jana, Jumanne, kuangalia jinsi mfumo wetu unavyopokea maziwa, unavyotoa risiti na unavyoandaa malipo ya wanachama. Naandika leo, wakati maneno yenu bado mabichi kichwani mwangu, ili mnisahihishe pale ambapo sikuwaelewa vizuri, kisha nilete pendekezo moja lenye tarehe.

Hoja iliyonikaa zaidi ni ile ya Mhasibu. Alieleza kwamba kila siku madaftari ya vituo sita yakijumlishwa huonyesha takribani lita 2,300, lakini stakabadhi ya kiwanda hurudi ikiwa pungufu kwa lita kati ya 50 na 70, na kwamba pengo hilo limezua maneno mazito dhidi ya makarani na dhidi ya dereva. Jioni nilikaa na maelezo hayo pamoja na yale tuliyoyaona vituoni. Vituo vitatu, kikiwemo cha Pongwe, hupima kwa mizani, na namba ya mizani huandikwa daftarini kama lita. Vituo vingine vitatu hupima kwa kopo la lita. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa karibu kilo 1.03, kwa hiyo kilo si lita. Kwa kuwa vituo vya mizani hupokea kilo zipatazo 1,400 kwa siku, maziwa hayo kwa hakika ni lita 1,359 hivi, na hapo tayari lita 41 za pengo lenu zimepata maelezo bila mtu yeyote kuwa ameiba. Sehemu iliyobaki inaweza kuwa ya povu kwenye kopo, ya maziwa yanayobaki kwenye madumu, au ya jambo lingine ambalo siwezi kulisemea kabla ya kupima. Naomba sana hesabu hii ifike kwenye Bodi kabla ya karani yeyote kuitwa kujieleza.

Mfumo wetu hupokea uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani, hugawa kwa 1.03, na risiti ya mwanachama huonyesha kilo na lita kwa pamoja. Jambo hili lina upande wake mgumu, nami sitaki tulifiche. Mwanachama wa Pongwe aliyezoea kuleta kilo 10 na kuandikiwa lita 10 ataona risiti ya lita 9.7, na asipoelezwa mapema ataamini kwamba mashine imeletwa ili imwibie. Mwenyekiti aligusia kwamba mwaka juzi wanachama waligomea mabadiliko ya siku ya malipo kwa sababu tu hawakuambiwa. Kwa maoni yangu, kikao cha maelezo kituoni kina uzito kuliko kifaa chenyewe, ndiyo maana nimekiweka ndani ya pendekezo kama sharti la kuanza. Iwapo Bodi itaona ni haki zaidi kulipa kwa kilo kwa bei iliyokokotolewa upya, mfumo unaruhusu hivyo pia; uamuzi huo ni wa chama, haupaswi kuwa wetu.

La pili lilikuwa muda wa kufunga hesabu. Niliandika kwamba Mhasibu hutumia siku nne kila baada ya wiki mbili kuhamisha namba za madaftari, kutoa makato ya pumba, mashudu, uhimilishaji na mikopo midogo, kisha kuandaa orodha ya malipo kwa simu. Katika onyesho tuliona orodha hiyo ikitoka baada ya karani wa mwisho kutuma takwimu zake, huku kila kato likisomeka kwa jina lake kwenye risiti ya mwanachama. Orodha hiyo hiyo inaweza kuhifadhiwa kwa ajili ya mkaguzi wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, pamoja na kumbukumbu ya nani alibadilisha namba gani na lini. Mfumo haulipi wenyewe. Huandaa faili, na watia saini wenu ndio wanaoidhinisha, kama ilivyo sasa.

Kuhusu maziwa yanayokataliwa, mjumbe kutoka kituo cha njia ya Amani alisema kwamba mwanachama hurudishwa na ndoo yake bila karatasi yoyote, na ugomvi huendelea hadi nyumbani. Karani ataingiza kipimo cha laktomita pamoja na joto la maziwa, kwa sababu laktomita husoma chini maziwa yakiwa ya moto, na ataingiza pia matokeo ya kipimo cha alkoholi. Risiti ya kukataliwa itachapishwa ikiwa na sababu yake. Niwe wazi hapa: mfumo hautambui maji kwenye maziwa. Anayetambua ni karani mwenye laktomita safi na dakika mbili za utulivu. Kazi ya mfumo ni kuhifadhi alichokiona, ili mwanachama na Meneja wasome kitu kimoja.

Mjumbe huyo huyo aliuliza kuhusu mtandao, na mliona tukizima data ya simu mbele yenu na risiti ikaendelea kuchapishwa. Takwimu hukaa kwenye simu ya karani hadi mtandao upatikane. Ujumbe mfupi kwa mwanachama ndio utakaochelewa. Mliona vilevile mizani ikikatika mawasiliano na simu kwa dakika kadhaa, na fundi wetu akalazimika kuiwasha upya. Naomba radhi kwa hilo. Tumebaini kwamba betri ya mizani tuliyokuja nayo ilikuwa imeshuka, nayo imebadilishwa leo asubuhi. Hata hivyo jambo kama hilo litatokea kituoni siku moja saa kumi na mbili asubuhi watu wakiwa kwenye foleni, kwa hiyo karani lazima afundishwe kuingiza uzito kwa mkono, na ingizo hilo litabeba alama yake ili Meneja aone ni mara ngapi limefanyika.

Nimebakiza hoja ya Mama Mjumbe, ambayo ilizungumzwa mwishoni watu wakiwa wameanza kusimama, nami nisingependa ipotee. Alisema kwamba katika nyumba nyingi anayekamua na kubeba maziwa hadi kituoni ni mke, lakini fedha huingia kwenye namba ya simu ya mume, na yeye hupata habari ya malipo kwa kusikia. Leo mfumo unaweza kusajili namba mbili za ujumbe kwa uanachama mmoja, hivyo wote wawili watapata taarifa ya lita za kila siku na ya malipo. Kugawa fedha yenyewe kwenda namba mbili hauwezi kwa sasa, na sitatoa ahadi ya tarehe ambayo mafundi wetu hawajanithibitishia. Ninachoomba ni Bodi iamue kama namba ya pili isajiliwe kwa ridhaa ya mwanachama, kwa sababu ni rahisi kuipata siku ya usajili kuliko kuitafuta baadaye.

Mwenyekiti aliuliza takwimu zitakuwa mali ya nani. Ni mali ya chama. Mkataba wetu unasema hivyo, na unaeleza kwamba mkiamua kuachana nasi mtapewa kumbukumbu zote kwenye faili la kawaida la hesabu ndani ya siku 14. Kwa kuwa majina, namba za simu na mapato ya wanachama ni taarifa binafsi, pande zote mbili tunabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na fomu ya ridhaa ya mwanachama nimeiambatisha ili mwanasheria wenu aipitie.

Bei niliyoitaja jana haijabadilika: Sh 950,000 kwa kila kituo kwa simu, printa na usajili, yaani Sh 5,700,000 kwa vituo sita, na Sh 210,000 kila mwezi kwa chama kizima. Gharama ya ujumbe mfupi ipo nje ya hiyo, na mizani kwa vituo vitatu visivyo nayo ipo nje pia. Siwashauri kununua mizani hiyo kabla ya majaribio.

Pendekezo langu, basi, ni kufanya majaribio ya kipindi kimoja cha malipo, kuanzia Jumatatu tarehe 1 Juni hadi Jumatatu tarehe 15 Juni 2026, katika vituo viwili: Pongwe, kinachotumia mizani, na kile cha njia ya Amani, kinachotumia kopo na chenye mtandao hafifu. Vifaa vya majaribio tutaleta sisi bila malipo, pamoja na mizani ya kituo cha Amani. Daftari lenu liendelee kuandikwa kama kawaida siku zote 15, na malipo ya kipindi hicho yafanyike kwa daftari, ili mwanachama asipoteze hata shilingi wakati tunajifunza. Jumamosi tarehe 30 Mei nitafika vituo vyote viwili pamoja na fundi, asubuhi Pongwe na alasiri Amani, kwa ajili ya kikao cha wanachama na mafunzo ya makarani. Nimeepuka siku yenyewe ya Idd el-Hajj, inayotarajiwa kuangukia karibu na tarehe 27 Mei. Kisha Alhamisi tarehe 18 Juni saa nne asubuhi tukutane ofisini kwenu tukiwa na karatasi tatu mezani: jumla ya daftari, jumla ya mfumo na stakabadhi za kiwanda. Pengo la vituo hivyo viwili lisipopungua, au makarani wakisema kazi imekuwa nzito zaidi, tutachukua vifaa vyetu na hamtadaiwa chochote.

Ili tuwahi, naomba mambo mawili kabla ya Ijumaa tarehe 22 Mei: jibu la Bodi kuhusu majaribio, hata kwa barua pepe fupi, na orodha ya wanachama wa vituo hivyo viwili ikiwa na namba zao za uanachama. Tafadhali muangalie pia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani ya Pongwe. Niliyoiona jana ilikuwa imepitwa na muda, na mizani ikihakikiwa kabla ya tarehe 1 hakuna atakayekuwa na sababu ya kutilia shaka namba tutakazolinganisha.

Nitakupigia simu Jumatatu tarehe 18 Mei saa tano asubuhi, baada ya gari la maziwa kuondoka, kusikia kama kuna nililoliandika visivyo.

Wako katika ushirika,

Mwanaidi
Ofisa Huduma kwa Vyama vya Ushirika, Tanga

Viambatisho: fomu ya ridhaa ya mwanachama, rasimu ya mkataba, mchanganuo wa bei, mfano wa risiti iliyochapishwa jana