Tangazo kwa waumini: ukaguzi wa mifuko katika swala ya Idd

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kamati ya msikiti wetu wa mtaa wa Langoni inawajulisha waumini wote wa Lamu mjini, pamoja na ndugu watakaokuja kutoka Shela, Matondoni na Pate, kwamba mwezi ukiandama, mifuko itakaguliwa malangoni kabla ya swala ya Idd-ul-Fitri. Tunatanguliza jambo moja ili nyoyo zitulie: hatukupata habari yoyote ya hatari. Tunakagua kwa kuwa siku hiyo uwanja hujaa pomoni, wengi huja na watoto wadogo, na mwenyeji ana wajibu wa kujua kinachoingia mahali alipowakaribisha wageni wake.

Wanaume wataingia kwa lango la pwani na wanawake kwa lango la juu, kuanzia saa 12:00 asubuhi. Swala itasimama saa 1:30, na kwa kuwa swala ya Idd haina adhana wala ikama, tunawasihi mfike mapema ili foleni isimkoseshe mtu rakaa.

Wanawake watakaguliwa na wanawake wenzao, nyuma ya pazia, na hakuna atakayevuliwa buibui wala kuguswa mwilini. Mwenye mfuko ataufungua mwenyewe; mkaguzi ataangalia tu, na msahafu hautawekwa chini. Kifaa cha kutambua vyuma kikilia, mara nyingi ni funguo, sarafu au simu, kwa hiyo mlio huo si tuhuma juu ya mtu. Mwenye kifaa cha moyo amwambie mkaguzi mapema, naye atapitishwa bila kupimwa. Dawa, maji ya kunywa na maziwa ya mtoto vinaruhusiwa. Anayekuja na mswala tu hatakuwa na cha kusubiri, na hilo ndilo tunalolipendelea zaidi. Wazee na wagonjwa watapitishwa mbele. Vijana, tafadhali wapisheni.

Mchele wa fitri usiletwe uwanjani. Mkiufikisha msikitini usiku wa kuamkia Idd, utawafikia wanaostahili kabla ya swala, kama sheria inavyotaka, na malango hayatazibwa na magunia. Punda na mikokoteni isifungwe karibu na malango, kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba na huenda mgonjwa akahitaji kutolewa kwa haraka.

Baada ya hutuba, lango la nyuma litafunguliwa. Kwa kuwa ni sunna kurudi kwa njia isiyokuwa ile uliyojia, tunawaomba wengi watoke huko. Mtoto akipotea, au mkiona mzigo usio na mwenyewe, msiuguse wala msipige kelele. Mwambieni kijana yeyote wa kamati aliyevaa kizibao cha kijani. Watakuwepo kila lango mpaka mtu wa mwisho aondoke.

Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Msikiti, Langoni, Lamu