Barua ya Tano

Vyumba 14 kwa zamu, shuka zimevutwa hadi pembe zikakaza, na bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Barua ya kwanza ilikuwa ya miezi 3. Zikafuata tatu za nyongeza, mitatu mitatu, zote alitia sahihi. Sasa ya tano.

"Weka sahihi, dada. Ni kawaida tu," msimamizi akasema.

Akaipeleka ofisi ya leba, Mombasa. Afisa akazipanga kwa tarehe.

"Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42. Majaribio hayapiti miezi 6. Huongezwa 6 mingine, tena ukikubali. Yako yamefika 12, mama."

"Nikitia sahihi hii?"

"Sahihi yako haiwezi kuvuka sheria."

Asubuhi aliirudisha tupu, akachukua ndoo yake.