YAH: Maswali kuhusu kampuni kabla ya kukubali usaili wa nafasi ya Mhandisi Mwandamizi wa Mifumo ya Malipo

Bi. Neema,

Nakushukuru kwa barua pepe yako ya Jumatatu na kwa maelezo ya kazi uliyoyaambatanisha. Nafasi yenyewe inanivutia, kwa sababu kuhamisha mfumo wa malipo unaotumika kila siku kwenda kwenye mfumo mpya bila kusimamisha huduma ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka minne iliyopita, na inaonekana wazi kwamba uliusoma wasifu wangu kabla ya kuniandikia, jambo ambalo si mawakala wote wa ajira hulifanya. Umeniomba nichague kati ya Alhamisi na Ijumaa ya wiki ijayo kwa usaili wa kwanza na meneja wa uhandisi. Kabla sijachagua siku, naomba unisaidie kupata majibu ya maswali kadhaa kuhusu hali ya fedha ya kampuni, upunguzaji wa wafanyakazi uliofanyika mwaka huu, na sifa yake kama mwajiri.

Kwa kawaida maswali ya namna hii huachwa hadi mwisho, pale msailiwa anapoulizwa kama ana swali lolote. Sababu ya kuyauliza sasa ni kwamba umenieleza kuwa usaili una hatua nne, ikiwemo zoezi la kuandika programu nyumbani na siku nzima ya mazungumzo na timu, na ili nishiriki nitalazimika kuomba likizo kwa mwajiri wangu wa sasa, ambako nina mkataba wa kudumu na notisi ya miezi mitatu. Nikiondoka hapa nilipo sitakuwa na njia ya kurudi, na huko niendako nitaanza na miezi sita ya majaribio, kipindi ambacho mfanyakazi huwa na ulinzi mdogo kuliko wenzake wote endapo uongozi utaamua kupunguza watu. Itakuwa vyema kwetu sote, na kwa mteja wako pia, kama nitajua mapema badala ya kujitoa nikiwa nimefika hatua ya tatu.

Naanza na suala la kupunguza wafanyakazi, kwa kuwa ndilo lililonifanya nisite. Mwezi Februari kampuni ilitangaza yenyewe kwamba inapanga upya muundo wake, lakini tangazo halikusema ni watu wangapi walioguswa. Nilipopitia kurasa za LinkedIn niliona watu zaidi ya kumi, wengi wao wa idara ya huduma kwa wateja na ya upimaji wa programu, ambao kazi yao ya mwisho pale inaonyesha iliishia mwezi huohuo. Natambua kwamba hicho ni kipande tu cha picha na huenda baadhi yao waliondoka kwa hiari. Ningependa kujua ni wafanyakazi wangapi walioondolewa kati ya jumla ya wangapi, idara zipi ziliguswa, kama uhandisi ulikuwemo, na kama waliondolewa kwa mkupuo mmoja au kwa awamu. Pia naomba kujua kama walilipwa notisi na stahiki zao zote kwa wakati, kwa sababu namna kampuni inavyoagana na watu huniambia mengi zaidi kuliko namna inavyowakaribisha.

Sichukulii upunguzaji wa watu peke yake kuwa dalili ya kampuni kuanguka. Mwezi Januari 2023, Microsoft ilitangaza kuondoa watu 10,000 na kampuni mama ya Google ikatangaza kuondoa 12,000, na zote mbili zilikuwa zinapata faida. Kinachonihusu zaidi ni awamu ya pili. Meta iliondoa wafanyakazi 11,000 mwezi Novemba 2022, na ilipofika Machi 2023 ikatangaza kuondoa wengine 10,000, kwa hiyo aliyeponea mara ya kwanza hakuwa na hakika ya kupona tena. Ndiyo maana naomba umuulize mteja wako moja kwa moja iwapo uongozi unaona kazi ya kupanga upya muundo imekwisha, au bado kuna idara zinazotathminiwa. Jibu la kwamba bado tathmini inaendelea halitanikimbiza. Nitakalolichukulia vibaya ni kuambiwa imekwisha kisha nikute haikwisha.

Linaloungana na hilo ni chanzo cha nafasi hii. Nafasi yenye maelezo yanayofanana nayo karibu neno kwa neno ilitangazwa mwezi Novemba mwaka jana, ikaondolewa, na sasa imerudi. Je, ni nafasi mpya iliyoidhinishwa kwenye bajeti ya mwaka huu, au inajaza pengo la mtu aliyeondoka? Kama kuna aliyeondoka, alidumu kwa muda gani? Na kama kulikuwa na zuio la kuajiri kati ya Novemba na sasa, limeondolewa rasmi au nafasi hii imepata kibali cha pekee? Nimewahi kumwona mwenzangu akipitia hatua zote za usaili kwa ajili ya nafasi ambayo bajeti yake ilikuwa haijapitishwa, na mwishoni hakupata hata barua ya kukataliwa.

Kuhusu fedha, kampuni haijaorodheshwa kwenye soko la hisa, kwa hiyo hesabu zake sizipati mahali pa wazi. Siombi kuoneshwa mizania yao, ingawa ningefurahi kuiona. Naomba kujua kama hesabu za mwaka uliopita zimekaguliwa na mkaguzi wa nje, kama alitoa hati safi, na hasa kama ripoti yake ina aya inayotaja mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Naliuliza hili la mwisho kwa makusudi, kwa sababu hati inaweza kuwa safi na aya hiyo bado ikawemo, na anayeambiwa tu kwamba hati ni safi hatajua. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, katika IAS 1, viliwataka viongozi wa kampuni kupima uwezo huo kwa kutazama mbele angalau miezi 12 kuanzia mwisho wa kipindi cha hesabu, kwa hiyo kama wanafuata viwango hivyo, uongozi unapaswa kuwa na jibu tayari mezani.

Swali lililo rahisi zaidi, na ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ni hili: kwa matumizi ya sasa, fedha zilizopo zinaweza kuiendesha kampuni kwa miezi mingapi bila mtaji mpya? Kama kampuni tayari inajiendesha kwa mapato yake, nitafurahi kusikia hivyo, na swali litakuwa limejibika. Kama inategemea wawekezaji, naomba kujua awamu ya mwisho ya mtaji ilipatikana lini na kama kuna nyingine inayotafutwa sasa. Vilevile ningependa kujua kama kuna mteja mmoja anayebeba sehemu kubwa ya mapato, kwa sababu katika biashara ya mifumo ya malipo kumpoteza mteja mmoja mkubwa kunaweza kufuta hesabu za mwaka mzima.

Kuna swali ambalo huenda likaonekana la kupita kiasi, nalo ni kama fedha za mishahara zinawekwa katika benki moja tu. Wasimamizi walipoifunga Silicon Valley Bank tarehe 10 Machi 2023, kampuni nyingi changa zilikaa siku mbili bila kujua kama zitaweza kulipa mishahara, hadi serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba waweka fedha wote wangeweza kuzifikia amana zao. Mteja wako akicheka swali hili, mwache acheke, lakini naomba umuulize. Lenye uhakika zaidi ni la mambo yaliyokwisha kutokea: katika miezi 12 iliyopita, je, kuna mwezi ambao mishahara ilichelewa, au makato ya pensheni na kodi hayakuwasilishwa kwa wakati? Makato huchelewa kabla ya mishahara, kwa kuwa mfanyakazi hayaoni kwenye akaunti yake.

Kuhusu sifa ya kampuni, nimesoma maoni ya wafanyakazi wa zamani mtandaoni na nimeyapunguzia uzito, kwa kuwa aliyeondoka na hasira huandika haraka kuliko aliyeridhika. Hata hivyo, malalamiko mawili yanajirudia kwa watu wa idara tofauti na wa miaka tofauti: kucheleweshewa marejesho ya gharama za kazi, na kubadilishiwa viongozi mara kwa mara. La pili linaonekana hata bila maoni hayo, maana kwa miezi 18 iliyopita idara ya uhandisi imekuwa na wakuu wawili, na mkurugenzi wa fedha aliondoka mwezi mmoja kabla ya tangazo la Februari. Huenda sababu ni za kawaida kabisa. Ningependa kuzisikia.

Hapa kuna mambo ambayo wewe mwenyewe unaweza kunijibu bila kumsumbua mteja. Umewapeleka watu wangapi katika kampuni hii, na wangapi kati yao walikuwa bado wapo baada ya mwaka mmoja? Je, wakala wako hulipwa ada yote mara mtu anapoajiriwa, au kuna sehemu inayorejeshwa endapo ataondoka au kuondolewa katika kipindi cha majaribio? Siulizi kwa kukushuku. Nafahamu kwamba anayekulipa ni mteja na kwamba kuna mambo usiyoruhusiwa kuyatoa. Nataka tu kujua ni wapi uzoefu wako unakomea na ni wapi unarudia yale uliyoambiwa.

Sitarajii majibu ya yote haya kabla ya wiki ijayo. Kama yanapatikana matatu tu, naomba yawe chanzo cha nafasi hii, idadi ya miezi ambayo fedha zinatosha, na rekodi ya mishahara ya mwaka uliopita. Nikiyapata hayo nitakubali usaili wa kwanza, na mengine nitamuuliza meneja wa uhandisi ana kwa ana. Kama kampuni inahitaji nisaini mkataba wa kutotoa siri kabla ya kueleza mambo ya fedha, niko tayari. Kama itakataa kujibu, naomba unieleze hivyo hivyo kwamba uliuliza na ikakataa. Ingenisaidia pia kuzungumza kwa dakika 20 na mfanyakazi asiye kiongozi ambaye amekaa pale angalau miaka miwili.

Usilopenda kuliandika unaweza kunieleza kwa simu yoyote ya jioni, kuanzia saa kumi na mbili, kwa namba iliyo kwenye wasifu wangu. Naomba usipige wakati wa kazi. Tafadhali pia usiupeleke wasifu wangu kwa mteja wako hadi nitakapokuthibitishia kwa maandishi, kwa sababu kampuni hiyo na mwajiri wangu wa sasa wana wateja wa pamoja na habari husafiri haraka. Alhamisi saa tano asubuhi inanifaa endapo tutaendelea, na naomba unishikie nafasi hiyo hadi Jumatatu jioni.

Wako katika kazi,
Idrisa