Karatasi ya Kazi: Uchakavu wa Gari la Kusambazia Mikate kwa Njia Mbili

Kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro kilinunua gari la boksi na kulianzisha kazi tarehe 1 Januari 2023. Mwaka wa hesabu unaishia 31 Desemba. Kiasi chote ni shilingi za Tanzania.

Sehemu A: Gharama ya kuanzia

Bei ya gari 23,800,000, usajili 600,000, kufunga rafu za trei za mikate 1,200,000. Siku hiyohiyo ililipwa pia bima ya mwaka 900,000 na mafuta 150,000.

Gharama ya gari ni 25,600,000. Rafu zinaingia kwa sababu bila hizo gari halibebi trei. Bima na mafuta ni matumizi ya mwaka 2023. Ukiviingiza hapa, kosa litakufuata miaka yote minne.

Muda wa matumizi ni miaka 4, na thamani ya masalio inakadiriwa kuwa 8,100,000.

Sehemu B: Kiwango

Andika kwenye jedwali la kompyuta: B1 gharama, B2 masalio, B3 miaka. Fomula ya kwanza inatoa uchakavu wa mwaka kwa mstari mnyoofu, ya pili inatoa kiwango cha salio linalopungua:

```
=(B1-B2)/B3
=1-(B2/B1)^(1/B3)
```

Majibu: 4,375,000 kwa mwaka, na 0.25, yaani asilimia 25. Kiwango hiki hakikuchaguliwa kwa kukisia; ndicho kinachoifikisha 25,600,000 kwenye 8,100,000 baada ya miaka 4.

Sehemu C: Jedwali

| Mwaka | Uchakavu, mstari mnyoofu | Thamani vitabuni | Uchakavu, salio linalopungua | Thamani vitabuni |
|---|---|---|---|---|
| 2023 | 4,375,000 | 21,225,000 | 6,400,000 | 19,200,000 |
| 2024 | 4,375,000 | 16,850,000 | 4,800,000 | 14,400,000 |
| 2025 | 4,375,000 | 12,475,000 | 3,600,000 | 10,800,000 |
| 2026 | 4,375,000 | 8,100,000 | 2,700,000 | 8,100,000 |
| Jumla | 17,500,000 | | 17,500,000 | |

Kwenye salio linalopungua, asilimia 25 inapigwa kwenye thamani vitabuni ya mwanzo wa mwaka. Masalio hayatolewi kwanza, maana kiwango kimeshayahesabu. Kosa la kuyatoa kwanza lina ujanja wake hapa: 17,500,000 × 25% ni 4,375,000, sawasawa na mstari mnyoofu, kwa hiyo mwaka wa kwanza hakuna atakayeshtuka. Mwaka wa pili unapata 3,281,250, na mwisho wa 2026 gari linabaki vitabuni kwa takriban 13,637,000 badala ya 8,100,000.

Ingizo la 31 Desemba 2023, salio linalopungua:

Debiti: Gharama ya uchakavu 6,400,000
Krediti: Uchakavu limbikizi wa gari 6,400,000

Akaunti ya gari yenyewe haiguswi; inabaki 25,600,000.

Sehemu D: Ongeza matengenezo

Makadirio ya matengenezo: 400,000, 1,500,000, 2,600,000, 3,400,000.

Uchakavu pamoja na matengenezo, mstari mnyoofu: 4,775,000, 5,875,000, 6,975,000, 7,775,000.
Salio linalopungua: 6,800,000, 6,300,000, 6,200,000, 6,100,000.

Gari linalozunguka madukani kila alfajiri hupoteza thamani haraka likiwa jipya, kisha hula vipuri likizeeka. Kwa gari la namna hii salio linalopungua linaeleza hali vizuri zaidi. Rafu za dukani au samani za ofisi, hapo mstari mnyoofu unatosha.

Sehemu E: Gari likiuzwa mapema

Chukulia limeuzwa 31 Desemba 2024 kwa 15,500,000, baada ya kuingiza uchakavu wa mwaka huo.

Mstari mnyoofu: 15,500,000 − 16,850,000 = hasara 1,350,000.
Salio linalopungua: 15,500,000 − 14,400,000 = faida 1,100,000.

Gari lile lile, mnunuzi yule yule. Hakiki kwa miaka miwili: 8,750,000 + 1,350,000 = 10,100,000, na 11,200,000 − 1,100,000 = 10,100,000. Zote ni sawa na 25,600,000 − 15,500,000. Namba hizi zisipokutana, rudi kwenye jedwali kabla ya kufunga hesabu.

Sehemu F: Kodi

Uchakavu wa vitabuni haukubaliki kama punguzo la kodi ya mapato, kwa njia yoyote uliyochagua. Urudishe kwenye faida, kisha toa posho ya uchakavu ya kisheria. Gari la mizigo la chini ya tani 7 liko daraja la 1, asilimia 37.5 ya salio la kundi la mali zote za daraja hilo. Kama gari hili liko peke yake kwenye kundi, posho ya 2023 ni 9,600,000. Weka hesabu hii kwenye ukurasa wake. Ikichanganywa na Sehemu C, thamani vitabuni itaharibika.