Mpango wa picha za ukaguzi wa bustani ya mboga, Tengeru: 1 Novemba 2025 hadi 3 Januari 2026

Mdogo wangu,

Huu ndio mpango tuliokubaliana na mama wa kukagua bustani kwa picha kila wiki. Wewe ndiye uliye shambani, mimi niko Dodoma, na mama hapandi tena mteremko ule kila siku. Picha zako ndizo zitakazotuwezesha sote watatu kuamua kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nyanya zile ndizo ada ya Januari, kwa hiyo tuufuate mpango huu hata wiki ambayo kila kitu kinaonekana kizuri. Wiki hizo ndizo zitatuonyesha baadaye tatizo lilianza lini.

Eneo na alama

Bustani ni mita 20 kwa 25: matuta ya nyanya upande wa mfereji, kabichi katikati, hoho na mchicha upande wa migomba. Kabla ya Jumamosi ya kwanza, chomeka vijiti 12 vyenye namba kubwa kwa rangi nyekundu:

- Nyanya: N1 hadi N6. N1 na N2 ziwe pembeni karibu na mfereji, N3 na N4 katikati, N5 na N6 upande wa shamba la jirani alikokuwa amepanda nyanya msimu uliopita.
- Kabichi: K1 hadi K4, moja katika kila tuta.
- Hoho: H1 karibu na migomba kwenye kivuli, H2 kwenye jua.

Usichague miche mizuri peke yake. Chukua inayofanana na jirani zake. Ukishachomeka kijiti, mche huo ndio utakaopigwa picha kwa wiki zote kumi, hata ukidhoofu. Ukifa, andika tarehe, hamishia kijiti kwenye mche ulio kando yake na ukiongezee herufi B.

Mchicha hauhitaji kijiti kwa sababu tunaung'oa na kupanda upya.

Siku na saa

Mzunguko mkubwa ni Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, umande ukiwa umeanza kukauka lakini jua halijawa kali. Wakati huo wadudu wengi bado wametulia na rangi ya majani inatoka sawa. Kama Ijumaa usiku mvua imenyesha sana, subiri hadi saa tatu, kwa sababu jani lenye matone hung'aa kwenye picha na huwezi kutofautisha tone na doa.

Jumatano saa nane mchana kuna mzunguko mfupi wa kutazama mnyauko tu. Simama kwenye kona ya mfereji, piga matuta yote ya nyanya kwa picha mbili, basi.

Usipulizie dawa yoyote Ijumaa wala Jumamosi kabla ya kupiga picha. Tukipulizia siku nyingine, piga picha ya lebo ya chupa, sehemu yenye jina la kiambato na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiambato kilekile, na kantangaze hujenga usugu upesi akipigwa kwa dawa ya aina moja mfululizo.

Simu

Futa lenzi kwa kitambaa kikavu. Zima flashi na zima vichujio vya kurembesha picha, maana vinabadilisha kijani. Usivute picha kwa vidole. Sogea karibu, kisha gusa kioo mahali unapotaka paonekane vizuri. Jua likiwa kali, kivuli chako kifunike jani lote, kisifunike nusu. Kwa picha za karibu weka kiberiti kando ya jani ili tujue ukubwa.

Picha za kila Jumamosi

Anza na picha nne za bustani nzima, moja kutoka kila kona, ukisimama kwenye jiwe la kona na simu ikiwa usawa wa kifua. Hizi zinaonyesha kitu ambacho ukiwa ndani ya tuta hukioni: sehemu iliyopauka, tuta lililobaki nyuma, maji yaliyotuama.

Halafu kwa kila mche wenye kijiti, picha tatu kwa mpangilio huu: mche mzima namba ikionekana, upande wa chini wa jani la tatu kutoka chini, na moyo wa mche au maua. Jumla ni 40. Ukimaliza, tembea kwa mtindo wa zigizaga kupitia matuta yote na upige chochote kisicho cha kawaida, kwanza kwa mbali kidogo ili tujue kiko wapi, kisha kwa karibu.

*Nyanya.* Hapa ndipo utakapotumia nusu ya muda wako. Kila wiki tafuta haya:

Kantangaze. Kiwavi wake hula kati ya ngozi mbili za jani, kwa hiyo huacha baka pana linaloonyesha mwanga, na ndani yake kuna vinyesi vyeusi. Inua jani, liweke kati ya simu na jua, upige likiwa linapitisha mwanga. Kiwavi akiwamo utamwona. Mistari myembamba inayojipinda ni kazi ya funza wa inzi wadogo wachoraji, na huyo hatutishi kama kantangaze. Ndiyo maana nataka picha ya kupitisha mwanga na siyo ya juu ya jani peke yake. Matunda yakianza, geuza tunda na upige sehemu ya kikonyo, maana tundu lake dogo mara nyingi hujificha chini ya vijani vile vya kikonyo.

Bakajani. Lile la wahi lina doa la kahawia lenye duara ndani ya duara, na huanzia majani ya chini yaliyozeeka. La chelewa lina doa kama jani limelowa maji, halina mpaka ulionyooka, na asubuhi yenye unyevu huwa na ukungu mweupe upande wa chini pembezoni mwa doa. Piga juu na chini ya jani hilohilo. Ukiona la chelewa, usisubiri Jumapili wala jibu langu: piga picha, nitumie, nipigie.

Rasta. Picha ya moyo wa mche ndiyo itakayoionyesha: majani ya juu madogo, yamekunjamana kuelekea juu, kingo za njano, na mche haukui. Tikisa mche kabla ya kupiga. Inzi weupe wakiruka, andika "wengi" au "wachache". Mche wenye rasta hauponi. Tutaung'oa.

Mnyauko. Mche uliolala Jumatano mchana, upigwe tena Alhamisi alfajiri kabla ya kumwagilia. Ukiwa umesimama, tazama kwanza udongo, huenda ni kiu. Ukiwa bado umelala na majani ni mabichi ya kijani, ung'oe kwa uangalifu na upige mizizi. Vinundu maana yake ni minyoo fundo. Kama mizizi ni safi, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na uweke karatasi nyeusi nyuma yake. Katika dakika chache, ute mweupe ukishuka kutoka kwenye kidonda cha shina kama uzi, ni mnyauko wa bakteria. Piga picha ya glasi hiyo ute ukiwa unashuka, siyo baada ya maji yote kuwa meupe. Usiruhusu maji ya mfereji yapite hapo kwenda matuta ya chini mpaka tuzungumze, kwa sababu bakteria hao husafiri na maji.

Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kikavu, siyo ugonjwa wa kuambukiza. Mmea umekosa kalisi ya kutosha kwenye tunda, na mara nyingi chanzo ni maji yasiyokuja kwa utaratibu. Piga, na uandike siku tulizokosa zamu ya mfereji.

*Kabichi.* Fungua majani ya nje na upige moyo. Nondo mgongo almasi huanza kwa viwavi wadogo wa kijani. Ukimgusa anajirusha na kuning'inia kwa uzi. Wakiwa wadogo hula upande wa chini na kuacha ngozi ya juu, jani linabaki na vidirisha. Piga vidirisha hivyo na kiberiti. Njano yenye umbo la V kutoka ukingoni mwa jani, na mishipa myeusi ndani yake, ni uozo mweusi; piga jani zima. Vidukari piga pia, lakini angalia kama kati yao wamo waliovimba wenye rangi ya udongo. Hao wameshatagiwa mayai na nyigu wadogo, na wakiwa wengi tutaacha kupulizia.

*Hoho.* Jani likijikunja kuelekea juu, fikiria vithiripi. Likijikunja kuelekea chini na kuwa jembamba, fikiria utitiri. Kung'uta ua moja juu ya karatasi nyeupe, upige karatasi hiyo upesi kabla hawajatawanyika.

*Mchicha.* Picha moja ya juu na moja ya chini ya majani matano. Vipele vyeupe chini ni kutu nyeupe; vuna mapema.

Wiki tatu za kwanza tazama pia miche iliyokatwa usawa wa ardhi usiku. Fukua kidogo kuzunguka shina, sota huwa amejikunja papo hapo. Piga mche na sota pamoja.

Kupanga na kutuma

Kwenye simu, fungua albamu kwa kila mche, siyo kwa kila wiki. Albamu ya N3 iwe na picha za N3 tangu 1 Novemba, ili ukipitisha kidole uone mche uleule ukibadilika. Nitumie kwa WhatsApp kama Hati, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa na vidoa vidogo vinapotea. Kama bando ni dogo, tuma za nyanya zote, na kwa mengine yale tu yaliyobadilika.

Kulinganisha: Jumapili saa mbili usiku

Tutapigiana, mama akiwapo. Tutaweka picha ya wiki hii kando ya ya wiki iliyopita na kuangalia:

- Doa lilelile limekua, au yameongezeka majani mengine? Likikua tu, tunakata jani. Yakiongezeka, tunatafuta yanatokea upande gani.
- N1 na N2 dhidi ya N5 na N6. Tatizo likianzia upande wa jirani, huenda linatoka kwenye masalia yake; likianzia kwenye mfereji, tunafikiria maji.
- H1 dhidi ya H2, kujua kama kivuli cha migomba kinatugharimu.
- Urefu wa mche kwa kijiti chake, na idadi ya vishada vya maua.
- Kama tulipulizia, je, kiwavi aliyepo ni mpya na mdogo, au ni yule mkubwa aliyenusurika?

Tumekubaliana hivi: bakajani chelewa au mnyauko wa bakteria kwenye mche mmoja, tunachukua hatua siku hiyohiyo. Kantangaze kwenye miche miwili kati ya sita, tunachuma majani yote yenye mabaka, tunayafungia kwenye mfuko wa plastiki juani, na kupeleka picha kwa bwana shamba wa kata kabla ya kununua dawa. Vidukari na inzi wachoraji, tunasubiri wiki moja tuone kama wanaongezeka.

Uamuzi wa kila Jumapili mama atauandika kwenye daftari la kijani, pamoja na tarehe na namba ya mche. Jumamosi ya kwanza piga pia picha ya udongo wa kila tuta ukiwa mkavu na ukiwa umemwagiliwa, ili tuwe na ya kulinganishia ukame ukikaza Desemba.