YAH: VIFAA VIPYA VYA KUBANA MAJI BAFUNI NA CHOONI

Makorora, Tanga
14 Juni 2025

Wapangaji wangu wote,

Assalaam aleykum, na habari za siku.

Kama mlivyoona, fundi bomba amemaliza kazi katika vyoo vyote viwili na mabafu. Gharama ya vifaa na ufundi nimebeba mwenyewe. Kodi haipandi kwa ajili hiyo. Bili ya maji na LUKU ya pampu ndizo tunazochangiana, na huko ndiko nataka kila mmoja apate nafuu.

Matangi ya zamani ya choo yalimwaga lita 9 kila ukiflashi, hata kwa haja ndogo. Haya mapya yana vifungo viwili: kidogo hutoa lita 3, kikubwa lita 6. Bonyeza mara moja, uachie. Ukikishikilia au kukigonga kwa nguvu, mpira wa ndani hukaa upande na maji yakavuja kimyakimya usiku kucha mpaka tangi la juu linakauka. Mkilishuku choo, tieni matone ya bluu ya kufulia ndani ya tangi na msiflashi kwa nusu saa. Bluu ikionekana kwenye bakuli, kinavuja: fungeni koki ya ukutani, kisha nipigieni, hata kama ni usiku.

Bomba la mvua na bomba la kunawia yana vichwa vinavyochanganya maji na hewa. Presha mtaiona ya kutosha, ila maji yanayotoka ni machache. Tafadhali msivifungue kwa koleo wala msitoboe matundu kwa sindano. Yakiziba kwa chumvichumvi, loweka kichwa kwenye siki usiku mmoja, kisha sugua kwa mswaki mkuukuu. Kwa udhu, fungueni bomba nusu tu, yanatosha.

Shatafu nazo zina koki yake. Ifungeni kila mkimaliza, maana ikibaki wazi presha hukaa kwenye mpira mpaka upasuke, na hapo mafuriko ni ya nyumba nzima.

Maji yetu yanatoka Mto Zigi, bwawa la Mabayani. Wakati wa kiangazi tunayaona yanavyosuasua, na mwenye mtoto mchanga ndiye anayeumia zaidi. Kwa hiyo wazazi, naomba muwaeleze watoto kwamba vile vifungo si vya kuchezea. Nepi, pamba na taulo za kike ziende kwenye ndoo yenye kifuniko niliyoweka nyuma ya mlango, si chooni.

Jumamosi ijayo baada ya alasiri nitakuja na fundi, atawaonyesha kila kitu kwa vitendo. Anayekuwa kazini aniambie mapema, tutampangia muda wake.

Ahsanteni sana.

Mwenye nyumba wenu,
Mama Saidi