Barua ya Pongezi kwa Meneja Mpya wa Ununuzi wa Kahawa

Ofisi ya Katibu Meneja,
Chama cha Msingi cha Ushirika wa Mazao,
Kibosho, Moshi.

14 Machi 2025

Bi. Mwanaidi,
Meneja wa Ununuzi na Ubora wa Kahawa,
Moshi Mjini.

Mpendwa Dada Mwanaidi,

YAH: PONGEZI KWA KUPANDISHWA CHEO

Pokea kwanza salamu zangu za mwezi mtukufu wa Ramadhani, nikiamini kwamba funga inakwenda vizuri na kwamba wazazi wako huko Tanga ni wazima.

Habari ya kupandishwa kwako cheo ilitufikia jana kupitia dereva wenu aliyekuja kurudisha magunia. Akina mama walikuwa wamepanga foleni kwenye kitalu wakisubiri miche ya kupanda masika haya, na kabla sijatoka ofisini kuuliza kulikoni, nilisikia vigelegele. Nakueleza jambo hili ili ujue kwamba furaha ilianzia kitaluni, kwa watu ambao hawana mkataba wowote wa kutia saini nawe, ndipo ikafika kwenye meza yangu.

Hongera sana, dada. Nimefanya kazi na wanunuzi wengi, na wengi wao walikuwa watu wema, lakini ningependa niandike bayana mambo ambayo naamini yamekufikisha hapo, kwa sababu pongezi isiyotaja kazi iliyofanywa ingeweza kupelekwa kwa mtu yeyote.

La kwanza ni ule msimu ambao mvua za vuli zilituwahi kahawa ikiwa bado vichanjani. Shehena yetu ilipopimwa kwenu ilikutwa na unyevu unaozidi asilimia 12, na ulikuwa na haki kamili ya kuikataa kwa karatasi ya mistari miwili. Badala yake ulipanda mlimani kwa bodaboda kwenye matope, kipimo cha unyevu kikiwa mkobani, ukaketi na wazee chini ya vichanja. Wazee wetu wamezoea kuuma punje ili kujua kama imekauka, na ungeweza kuidharau desturi hiyo. Wewe uliwaomba waume punje kwanza na kutamka makisio yao, kisha ukapima mbele yao, na kila mmoja akaona mwenyewe pale ambapo jino lilimwambia kweli na pale ambapo lilimdanganya. Kahawa ile hukuinunua siku hiyo, na hukutuahidi kwamba utainunua. Ulituambia ianikwe tena, ifunikwe mchana jua linapokuwa kali na usiku umande unaposhuka, na utaipima upya kama mali ya mtu mwingine yeyote. Tuliondoka tukiwa na mzigo uleule mkononi, lakini hakuna aliyeondoka akiona ameonewa.

Nawe unajua jambo hilo lina uzito gani hapa. Tangu KNCU ilipoandikishwa mwaka 1933, na hata kabla ya hapo, mkulima wa mlima huu amefundishwa na maisha kumtazama mnunuzi kama mtu wa upande wa pili wa mizani. Mashaka hayo yana sababu zake, na mtu mmoja hawezi kuyafuta. Hata hivyo, katika vijiji vyetu leo kuna wakulima wanaosema, “Kama Mwanaidi ameipima, basi ndivyo ilivyo,” na kauli hiyo inasemwa hata na wale ambao kahawa yao uliishusha daraja.

La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni akina mama. Katika kihamba, kwa desturi, ndizi zilikuwa za mama na kahawa ilikuwa ya baba, na daftari la chama limefuata mkondo huo kwa miaka mingi: jina lililoandikwa ni la baba, kwa hiyo mwaliko wa semina humwendea baba. Ilhali wanaochuma, wanaochambua mbichi na mbivu, na wanaogeuza kahawa kichanjani kutwa nzima ni wake na mabinti. Ulipokuja kufundisha uliuliza swali moja tu, kwamba ni nani katika chumba kile aliyeanika kahawa wiki ile, na mikono iliyonyooshwa ilikuwa michache mno. Ukaomba kwa adabu kwamba semina iahirishwe hadi waanikaji wenyewe wawepo. Baadhi ya wajumbe wa bodi walinung’unika, nami nilikaa nao kwa muda mrefu baada ya wewe kuondoka, lakini semina iliyofuata ukumbi ulijaa.

Sitasahau siku uliyopanga vikombe kwenye meza ya ofisi na kuwaonjesha kahawa yao wenyewe. Mama mmoja, aliyeishi na mibuni tangu alipoolewa, alionja kikombe cha kahawa iliyochachuka kupita kiasi, akakunja uso, kisha akaonja cha pili kilichotokana na matunda mabivu yaliyomenywa siku ileile ya kuchumwa, akanyamaza. Halafu akauliza, “Hii nayo imetoka kwetu?” Ukamwambia imetoka kwenye kichanja chake. Tangu siku hiyo hajawahi kuleta tunda bichi kwenye mashine yetu ya kumenyea, na amewafundisha majirani zake bila kuombwa na mtu.

Bodi ilipokutana leo asubuhi, wajumbe walipendekeza tukuletee mbuzi, kama ilivyo desturi yetu kwa mtu aliyepata heri. Niliwasihi wasifanye hivyo, nao wakanielewa. Sasa wewe ndiye utakayeamua kahawa ya nani inunuliwe na kwa bei gani, na zawadi kutoka kwa muuzaji ingekuweka mahali pagumu mbele ya vyama vingine na mbele ya kampuni yako. Heshima yako ndiyo iliyotufanya tukuamini, na hatutaki tuwe wa kwanza kuitia doa. Kwa sababu hiyohiyo barua hii haina nakala kwa mkurugenzi wako. Siku akiniuliza, nitamwambia haya yote kwa kinywa changu.

Mazungumzo ya msimu ujao yatakuja kwa wakati wake na kwa barua yake rasmi, yakipitia taratibu zilezile zinazowahusu wote, na nakuomba barua ya leo isiingizwe kwenye jalada la biashara. Wala huna haja ya kuijibu. Najua wiki za kwanza katika kiti kipya hazimwachii mtu nafasi ya kupumua, hasa akiwa amefunga.

Nitasema jambo moja tu la kibinafsi. Najua kazi yako mpya itakuweka mezani zaidi kuliko vichanjani, na wako watakaokuambia kwamba sasa umeepukana na matope. Mimi nimekuona ukiinamia kichanja na kunusa kahawa kiganjani huku umesahau kwamba watu wanakusubiri, na naamini utalikosa jambo hilo. Siku utakapotamani kupanda mlimani, bila gari la kampuni na bila kipimo, njoo kama mgeni wa nyumbani. Mke wangu atakupikia mtori, na miche iliyopandwa wiki hii utaikuta imeshika.

Mhasibu wetu anakusalimu sana, na akina mama wa kitaluni wamenituma nikuambie kwamba vigelegele vya jana vilikuwa vyako.

Wako katika kazi,

Elineema,
Katibu Meneja.